Herufi Ambazo Msomaji Hakuwa Nazo

Sauti ya yule mwanamke ilipanda ngazi kabla yake. Mama Miraba aliisikia akiwa ghorofa ya pili, kalamu ya risasi sikioni, kifutio mkononi, jedwali la Jumamosi likiwa limebaki na pengo moja tu pale pembeni.

"Siondoki! Niitieni huyo aliyesema sijui kusoma! Nitakaa hapa mpaka benchi lenu liote mizizi!"

Dada wa mapokezi alikuwa akibembeleza, na kadiri alivyobembeleza ndivyo moto ulivyozidi kukolea. Mama Miraba akasonya. Saa tano kasoro asubuhi, Alhamisi, ukurasa unafungwa saa tisa alasiri, halafu mtu anakuja kupigia watu kelele! Alikuwa ametunga chemshabongo ya gazeti lile kwa miaka kumi na tisa. Jina lake halisi walilijua watu wa ofisi ya mishahara tu. Kwa wengine wote, kuanzia mhariri mkuu hadi mfagiaji, alikuwa Mama Miraba.

Na hasira zake zilijulikana kama jina lake. Alikuwa na kabati la chuma lenye madaftari kumi na mawili, kila moja na urefu wake: la maneno ya herufi tatu, la nne, la tano, na kuendelea. Ndani ya kila daftari maneno yamepangwa kwa herufi na mahali ilipokaa, kwa hiyo ukimwambia "herufi tano, ya kwanza N, ya tatu I, ya mwisho U," alilamba kidole, akafunua kurasa mbili, akakutajia yanayofaa kabla hujamaliza kupiga chafya. Ole wake aliyerudisha daftari mahali pasipo pake.

Akafunga daftari la herufi saba kwa kishindo, akalitia jedwali kwenye mkoba wake, akashuka nao.

Mwanamke mwenyewe alikuwa wa makamo, mwembamba, futi ya kupimia nguo ingali shingoni kana kwamba alitoka dukani mbio akaisahau. Fundi wa nguo. Mkononi alikunja kipande cha gazeti.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi. Na hapa ni kazini kwa watu, si sokoni."

"Basi kumbe tunajuana," akasema fundi. "Jumatatu nilikupigia simu. Chini mbili. Ukaniambia nisome vizuri kabla sijapiga simu. Halafu ukanikatia!"

Mama Miraba alikumbuka. Alikumbuka sana, maana aliisimulia hadithi ile kwenye chumba cha chai na watu wakacheka mpaka wakamwaga vikombe. Wiki nne nyuma gazeti lilitoa chemshabongo ya zawadi: atakayejaza yote sawasawa anaingia kwenye bahati nasibu ya cherehani mpya ya umeme. Jumamosi iliyopita jibu lilitoka na mshindi akatangazwa. Jumatatu yake simu zikaanza kulia. Chini mbili ilikuwa na herufi tano, maelezo yake: mdudu arukaye, hudunga kwa mwiba. Jibu: NYIGU. Na mwanamke huyu kwenye simu alikuwa anashikilia NYUKI.

"Dada yangu," Mama Miraba akasema, akijikaza, "nilikueleza. Herufi ya tatu ni I, ya tano ni U. Nyuki ana I mwishoni. Hata umkamue namna gani, haingii."

"I umeitoa wapi?"

"Kwenye jedwali!"

"Jedwali lipi?" Fundi akakunjua kile kipande cha gazeti, akakibamiza juu ya meza ya mapokezi. "Haya. Nionyeshe hiyo I yako. Nionyeshe! Macho unayo."

Mama Miraba akavaa miwani kwa dharau. Akaweka kidole kwenye Chini mbili, akakishusha hadi mraba wa tatu kutafuta neno lililoukatiza. Kulia tisa. Akashuka kwenye orodha ya maelezo. Kulia saba, Kulia nane, Kulia kumi na moja.

Akarudi juu. Saba, nane, kumi na moja.

Kulia tisa haikuwapo. Akatafuta Kulia kumi na nne, ile iliyokatiza herufi ya tano. Nayo haikuwapo. Miraba ilikuwapo, namba zilikuwapo ndani ya miraba, lakini maelezo yake yalikuwa yameyeyuka, na mahali ambapo orodha ilipaswa kuishia palikuwa na tangazo la duka la cherehani, kubwa, lenye mpaka mnene mweusi, limejitanua kama mgeni aliyekalishwa kitandani.

Damu ikamwenda usoni. Kwanza alitaka kusema mwanamke kalikata gazeti vibaya. Akageuza karatasi, akaitazama nyuma, akaigeuza tena. Ilikuwa nzima.

"Umeona?" fundi akasema, sauti imeshuka sasa, na ndivyo ilivyouma zaidi. "Huna la kusema. Jumatatu ulikuwa nalo."

"Ngoja hapa," Mama Miraba akasema. "Nipe hiki kipande."

"Kikipotea?"

"Kikipotea nikate kichwa."

Akapanda ngazi mbili mbili, magoti yakilalamika. Ofisi ya msanifu wa kurasa ilikuwa mwisho wa korido. Jamaa huyo waliyempachika jina la Bwana Nafasi, kwa kuwa neno lake la kwanza kwa kila mtu lilikuwa "nafasi hakuna", alikuwa ameketi mbele ya kompyuta anakula karanga.

"Nani alitoa Kulia tisa na Kulia kumi na nne?"

Bwana Nafasi hakugeuka. "Shikamoo kwanza, mama."

"Shikamoo yako kaitundike ukutani! Nani alitoa?"

"Aa, zile." Akapukuta maganda. "Tangazo lilikuja jioni, wewe umeshatia sahihi prufu, ile nakala ya kukagua, umekwenda zako. Wenye zawadi walitaka nusu ukurasa. Nafasi hakuna, mama. Nikapunguza mistari miwili. Miwili tu, katika arobaini na tatu! Nikawaambia wasahihishaji hayo maneno mawili wasiyahesabu. Nani kaumia?"

Nani kaumia! Mama Miraba alishika mgongo wa kiti ili asishike kitu kingine. Alijilaumu pia, na hilo lilimwongezea machungu. Jumamosi hakuwa na desturi ya kufungua chemshabongo yake ikishachapwa. Mpishi hashibi chakula chake, ndivyo alivyozoea kusema kwa maringo. Angelifungua gazeti siku ile, angeliona kabla ya mtu yeyote.

"Na tena umekuja wakati mzuri," Bwana Nafasi akaendelea. Akavuta karatasi kutoka kwenye mashine ya kuchapia. "Barua arobaini na moja zimekuja kulalamika. Nimekuandikia jibu, tia sahihi tulipachike Jumamosi tumalize."

Akasoma. *Jibu la mtunzi ni sahihi na halina mjadala. Wasomaji wanashauriwa kulisoma jedwali kwa makini.* Chini yake, jina lake: Mama Miraba. Mstari wa sahihi ukimngoja.

"Hii sitii sahihi."

"Kwa nini? Jibu si sahihi? Njoo uone." Akabofya, kikafunguka kile kiprogramu kipya alichokuwa anakisifia tangu mwaka uanze, kinachotafuta maneno. Unaandika herufi ulizonazo, nukta mahali pasipojulikana, na chenyewe kinakuletea yote yanayoenea. Akaandika: N, nukta, I, nukta, U. Kikaleta mawili. NDIMU. NYIGU.

"Mawili!" Bwana Nafasi akapiga meza. "Na ndimu hairuki, isipokuwa umeitupa. Mdudu ni mmoja tu. Kwisha maneno. Mashine haina hasira, mama. Na nikuambie kwa upendo kabisa: wakubwa wanasema kitu hiki kinaweza kujaza jedwali zima kwa dakika moja. Mimi ndiye ninayewaambia wangoje, tuna mzee wetu. Sasa usinitie aibu kwa sahihi moja."

Alikuwa amempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kisu akakiweka mezani palepale. Tia sahihi, au kabati lako la chuma linakwenda kwa wauza vyuma chakavu. Mama Miraba alielewa vizuri sana. Miaka kumi na tisa. Alitazama yale maneno mawili kwenye kioo, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alitamani yawe kweli. Kama yangekuwa kweli, angelitia sahihi, angelirudi kwenye pengo lake, yule mwanamke angelibaki na kelele zake.

Lakini alikuwa mtunzi. Na mtunzi akiona nukta mbili anajiuliza kwanza herufi nyingine zimetoka wapi.

"I umeitoa wapi?" akauliza.

Aliposikia maneno yale yakitoka kinywani mwake mwenyewe, aliyatambua. Ndiyo maneno ya fundi, neno kwa neno.

"Si kwenye jibu lako?" Bwana Nafasi akasema.

"Kwenye jibu langu. Sisi tuna jibu! Mwenye jibu akitafuta, lazima apate jibu lake, kwani si kaliweka mwenyewe? Ondoa hiyo I. Ondoa U. Msomaji hakupewa. Mwandikie alichokuwa nacho."

"Alikuwa na nini?"

"N. Kulia moja ni UNGO, 'cha kupepetea', hiyo haina ubishi, inampa N ya kwanza. Baada ya hapo nukta nne. Andika!"

Bwana Nafasi akaandika kwa shingo upande. Kioo kikafurika. Ndege, ndoto, ngoma, nguvu, nguzo, nyama, nyani, nyoka, nyota. Kikateremka na kuteremka kama choroko za gunia lililopasuka.

"Wadudu," Mama Miraba akasema. "Chagua wadudu."

Akatafuta kwa macho. "Nyigu. Nyuki. Nzige."

"Nzige hana mwiba. Wamebaki wangapi?"

Bwana Nafasi akatia karanga mdomoni.

"Nakuuliza wamebaki wangapi, we bwana!"

"Wawili."

"Wawili. Maelezo yangu yanawafaa wote wawili, na nilijua tangu siku ninayatunga. Sikuyakaza kwa sababu nilikuwa na mashahidi wawili pembeni. Kulia tisa, SIMU, 'huita bila mdomo': anatoa I. Kulia kumi na nne, FUMBO, 'kauli iliyofichwa maana': anatoa U. Ukimtoa shahidi mahakamani, usimlaumu hakimu kwa hukumu!"

"Lakini miraba ya SIMU na FUMBO ilikuwapo," Bwana Nafasi akajitetea. "Mtu akijaribu maneno angeona nyuki haikubali. Angekwama."

Hapo Mama Miraba akakumbuka kile kipande cha gazeti kilichokuwa bado mkononi mwake, kimelowa jasho. Akakilaza mezani. Bado hakuwa amekitazama hasa. Kule mapokezi alitafuta namba tu. Sasa akaona pembeni.

Pembezoni pote palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya risasi, herufi ndogo ndogo, nadhifu kama mshono. Kando ya Kulia tisa: nukta, U, nukta, U. Chini yake orodha: kuku, bubu, tupu, sumu. Matatu ya kwanza yamepigwa mstari mwembamba, la nne limezungushiwa duara. Kando ya Kulia kumi na nne: nukta, I, nukta, B, nukta. B ile aliitoa kwenye UMBO, Chini kumi, ambayo nayo ndiyo iliyompa U ya mwisho ya Kulia tisa. Orodha: simba, wimbo, jimbo, fimbo. Duara kwenye fimbo. Kisha, kwa uungwana mkubwa, aliandika upande wa pili orodha nyingine, ya kujipinga mwenyewe: nukta, I, nukta, U: simu; nukta, U, nukta, B, nukta: fumbo, gumba. Mbele yake alama ya kuuliza, na sentensi moja: *Yote yanaingia. Maelezo yako wapi?* Karatasi ilikuwa imefutwa na kufutwa mpaka imetoboka mahali pawili.

Mama Miraba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ndivyo yalivyopangwa madaftari yake. Ndivyo hasa, hadi mstari mwembamba wa kukataa na duara la kukubali. Huyu mtu alikuwa amefanya kazi ya kabati zima kwenye ukingo wa gazeti, na jibu alilopata kwa Mama Miraba ni kukatiwa simu na kuchekwa chumba cha chai.

"Hakukwama," akasema. "Soma."

Bwana Nafasi akasoma, karanga ikiwa imesimama shavuni.

"Nyuki inaingia pamoja na sumu na fimbo. Nyigu inaingia pamoja na simu na fumbo. Zote mbili zimekamilika. Tumempa mtu mlango wenye matundu mawili ya ufunguo halafu tunamwambia kakosa nyumba."

"Sasa unataka nini, mama? Cherehani imeshachukuliwa. Mshindi kapigwa picha, kacheka na meno yote."

"Abaki nayo, alijibu kwa haki. Wote walioandika nyuki warudishwe kwenye kapu, ipigwe bahati nasibu nyingine, na duka litoe cherehani ya pili."

"Hawatakubali!"

"Waambie tangazo lao ndilo lililomeza mashahidi wangu. Waulize kama wanataka wasomaji walijue hilo kwa wino."

"Nafasi hakuna," Bwana Nafasi akasema kwa mazoea, na mara akaona kwamba amekosea mahali pa kulisema.

Mama Miraba hakupiga kelele. Walioijua hasira yake walijua kuwa kelele ni mvua ya rasharasha. Ya kuogopa ni utulivu. Akakunja ile barua ya jibu mara nne, akaidumbukiza kwenye maganda ya karanga. "Jedwali la Jumamosi hii liko kwenye mkoba wangu," akasema. "Saa tisa ukurasa unafungwa. Kiambie kiprogramu chako kikutungie moja. Kwa dakika moja, si ndiyo? Na maelezo arobaini na tatu kikutungie pia. Mimi niko chini, kwenye benchi."

Akashuka. Fundi alikuwa palepale, mkono mmoja ukikunja na kukunjua ncha ya futi. Mama Miraba akaketi kando yake, mkoba magotini, akamrudishia kipande chake.

"Hakijapotea," akasema.

"Naona."

Wakakaa. Dada wa mapokezi akajifanya anapanga bahasha. Mama Miraba akauliza, "Hizi orodha za pembeni. Nani alikufundisha?"

Fundi akamgeukia kana kwamba ameulizwa nani alimfundisha kula. "Wewe, mama. Zamani uliandika kwenye ukurasa: ukikwama usibahatishe, andika herufi ulizonazo, weka nukta, kisha orodhesha yote yanayoingia, hata usiyoyapenda. Nilikata ile karatasi, nikaibandika ukutani juu ya cherehani. Mimi shule niliishia la nne. Kila Jumamosi miaka kumi na moja nakaa na wewe. Nikipata neno nililokuwa silijui, naenda kuliuliza kwa watu." Akaizungusha futi kidoleni. "Cherehani ninayo. Mbovu, lakini ninayo. Sikuja kwa sababu ya cherehani. Nimekuja kwa sababu wateja wangu walikuwa wamejaa dukani ukiniambia vile, na simu yangu inatoa sauti nje. Walikusikia wote."

Mama Miraba alitafuta neno. Mwanamke wa madaftari kumi na mawili, wa herufi tatu hadi kumi na nne, hakupata hata moja linaloenea. Hasira aliyopanda nayo ngazi na kushuka nayo ilikuwa bado ipo, nzima, ila sasa haikuwa na mtu mwingine wa kumwendea.

Saa nane na nusu Bwana Nafasi akateremka mwenyewe, jasho kwenye paji, karatasi mkononi. Wakubwa wamekubali. Duka limekubali, kwa kununa. Tangazo la masahihisho hili hapa, limebaki kupitiwa: *Kutokana na hitilafu ya kiufundi...*

"Hitilafu ya kiufundi ni nani?" Mama Miraba akauliza. "Ana miguu?" Akaichukua karatasi, akaigeuza upande mweupe, akaitoa kalamu sikioni. Aliandika polepole, kila herufi kama inakwenda mrabani, kisha akampa fundi asome kwanza.

Fundi akasoma kwa sauti, futi ikining'inia. "*Maelezo ya Kulia tisa na Kulia kumi na nne hayakuchapwa. Bila hayo, NYUKI na NYIGU yote ni majibu sahihi, na walioandika NYUKI wataingia kwenye bahati nasibu mpya. Msomaji mmoja, fundi wa nguo, alinipigia simu kunieleza. Nilimwambia asome vizuri. Yeye alikuwa amesoma. Ambaye hakuwa amelisoma gazeti ni mimi. Mama Miraba.*"

Fundi aliirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza, kisha akairudisha kwa mikono miwili.

"Ni ndefu," Bwana Nafasi akasema. "Mistari saba. Nafasi..."

Wanawake wawili wakamtazama.

"Nitapunguza tangazo la duka," akasema, akapanda ngazi na karatasi yake.